Mkwe Chini ya Mpira

Mama mkwe alikuwa mkalimani wa mahakama, na katika utu uzima wake wote hakuna aliyewahi kumnyamazisha isipokuwa hakimu, naye hakimu alikuwa akimwomba kwa adabu. Kazi yake ilikuwa kuyapokea maneno ya shahidi kwa lugha moja na kuyatua kwa lugha nyingine bila kumwaga hata tone. Shahidi akitukana, alitukana naye. Shahidi akisita, alisita naye, papo hapo, mbele ya baraza zima. Watu walimwogopa kidogo, hasa mawakili, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuwauliza, kwa upole wa kutisha: "Ndivyo alivyosema, au ndivyo ulivyotaka aseme?"

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Ukimwambia unakuja sasa hivi, atataka kujua sasa hivi hiyo ni ya kabla ya chakula au ya baada ya chakula.

Daktari wa meno aliyemwoa bintiye alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye na mama mkwe hawakuwahi kugombana, wala hawakuwahi kupatana. Waliishi kama majirani wa ukuta mmoja: kila mmoja alisikia kikohozi cha mwenzake, na hakuna aliyepiga hodi. Sikukuu zilikuja zikapita, watoto walizaliwa, shikamoo zilitolewa na marahaba zikarudishwa, basi. Yeye hakujua mama mkwe anamwonaje. Alishuku, na shaka yake ilikuwa kwamba mama angependelea mkwe anayezungumza.

Ikatokea kwamba gego la mama mkwe likaharibika, gego la kwanza la chini, upande wa kushoto. Hakumwambia mkwewe. Alienda kwa tabibu mwingine, mtaa wa pili, kimya kimya, kwa sababu haikumwelea akilini jinsi atakavyompanulia mdomo mume wa mwanawe. Huko alitobolewa jino, na kazi ya kulisafisha kutoka ndani ikaanza. Haikumalizika. Dawa ya kuoshea ndani ya mzizi ilimwagika ulimini, ikateremka kooni. Ladha yake ilikuwa kama kunywa ndoo ya kufulia mashuka. Aliinuka akakohoa, akasukutua, akachukua mkoba wake, akaondoka na kizibo cha muda ndani ya jino na uamuzi moyoni: hatakalia tena kiti cha meno hadi afe.

Jino halikuuafiki uamuzi huo. Baada ya miezi miwili fizi ilivimba, na mama mkwe akawa hawezi kuyagonganisha meno bila kuruka. Siku moja mahakamani alitafsiri ushahidi wa mzee mmoja huku ameshika shavu, na hakimu akamwuliza kama anatafsiri maumivu ya shahidi au yake mwenyewe. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Jioni hiyo alimpigia binti yake simu.

"Mumeo," alisema, "yuko kazini Jumamosi?"

*

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule, vyumba viwili na ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja ili mtu asivihamishe. Dirisha la chumba cha tiba lilitazama ukuta wa jengo la pili, na mtu akilala kwenye kiti aliona taa, dari, na doa moja la maji ya mvua. Daktari alifanya kazi na msaidizi mmoja, mwanamke wa makamo ambaye kila mgonjwa, mkubwa kwa mdogo, alimwita Shangazi. Shangazi alikuwa na mikono ya haraka na uso usioeleza kitu, sifa mbili ambazo katika kazi ile ni kama dhahabu.

"Shikamoo, mama," daktari alisema.

"Marahaba. Nimekuja kama mgonjwa, si kama mkwe."

"Karibu, mgonjwa."

Mkewe, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, alimkanyaga mguu.

Picha ya eksirei ilichukuliwa. Daktari aliiweka kwenye skrini na kumwonyesha: jino lenye mizizi miwili kama miguu ya mtu aliyesimama, na kwenye unyayo wa mguu wa mbele, kivuli cheusi ukubwa wa punje ya dengu. Mfupa ulikuwa umeliwa hapo. Wadudu wa ndani ya mzizi ndio waliokuwa wanautafuna. Juu ya jino palikuwa na kizibo cha muda kilichochakaa, na pembeni yake ukuta wa zamani wa kujazia, ule wa madini ya fedha.

"Linaokoka?"

"Naamini linaokoka. Nitalifungua, nitaisafisha mifereji ya ndani mpaka mwisho, nitatia dawa, utarudi wiki ijayo tulizibe. Lakini nitafanya kwa mpira."

"Mpira gani?"

Shangazi alimletea. Ulikuwa karatasi ya mpira mwembamba, ya kijani, mraba, pana kama kitambaa cha kufutia uso. Daktari alieleza kwamba hutobolewa tundu moja dogo, jino moja likatokezea hapo, na kibano cha chuma kikaushika mpira shingoni mwa jino. Mdomo mwingine wote, ulimi, mate, koo, hubaki chini ya mpira. Alimwuliza kama glavu za mpira au maputo yamewahi kumwasha ngozi. Hayakuwahi.

Mama mkwe aliinua ile karatasi kwenye mwanga. Aliivuta kidogo, akaiachia.

"Yaani unataka kuniziba mdomo."

Mkewe aligeukia dirishani akawa anautazama ukuta wa jirani kwa makini sana, na mabega yake yakitikisika.

"Nataka kuliziba koo lako lisipitiwe na kitu," daktari alisema. "Ile dawa uliyonieleza kwamba ilikuunguza ulimi ndiyo dawa hiyo hiyo nitakayotumia. Hakuna nyingine nzuri kama hiyo. Tofauti ni kwamba safari hii haitakufikia. Na mate yako hayatalifikia jino. Mate yana wadudu, mama, hata ya mtu msafi. Nikisafisha mzizi huku mate yanaingia, ni kama kudeki huku mtu anapita na viatu vya matope."

"Na nikishindwa kupumua?"

"Pua iko nje. Ukitaka nisimame, unainua mkono wa kushoto. Nasimama pale pale."

"Na bila mpira?"

"Bila mpira siligusi."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi mezani. Mama mkwe alimkazia macho. Katika miaka yote ya ukwe hakuwahi kumsikia akikataa kitu.

"Basi nitaenda kwa mwingine."

"Yupo mwenzangu mmoja anayefanya kazi hii vizuri. Naye hutumia mpira."

Alifikiri. Kisha alimpa bintiye mkoba, akavua miwani, akalala.

*

Ganzi iliingia, mdomo wa chini ukawa mzito kama wa mtu mwingine. Daktari alichagua kibano, akakifunga uzi kwanza ili kikifyatuka kivutwe kabla hakijamezwa, akakivisha jino. Mpira ukafuata, ukanyooshwa kwenye fremu ya plastiki. Shangazi aliukunja ukingo wa juu ili usiguse pua, akatia bomba la kunyonyea mate upande wa pili wa mdomo. Daktari alimwaga maji juu ya mpira akaangalia kama yanapenya kando ya jino. Yalipenya kidogo upande wa ulimi. Alipaka kibandiko cha kuzibia, akajaribu tena. Yakatulia juu kama kidimbwi. Alipangusa jino na mpira kwa dawa, na sasa mbele yake hapakuwa na mkwe. Palikuwa na uwanja wa kijani na jino moja katikati.

Ukweli ni kwamba alipumua. Hakuna macho, hakuna maswali. Alijishangaa alivyofarijika.

Na kwa kuwa aliyekuwa chini ya mpira hakuweza kujibu, yeye ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Sasa natoa kizibo cha muda, mama. Utasikia mtetemo tu. Sasa natafuta midomo ya mifereji. Mmoja huu. Wa pili huu hapa. Kwenye mguu wa mbele huwa iko miwili, yule tabibu wa kwanza aliuona mmoja tu. Na huu wa nyuma, mpana, ni wa tatu."

Alizungumza kwa utulivu, mfululizo, na mkewe, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, aliinua macho kutoka kwenye simu yake akamtazama kana kwamba redio iliyokufa imewaka yenyewe.

Vifaa vya kusafishia mifereji ni visindano vya chuma vyembamba vyenye makali ya kujipinda, virefu kidogo kuliko kiungo kimoja cha kidole. Wenyewe wanaviita faili. Kila faili ina kipete cha mpira kinachoteleza juu na chini: ukishajua urefu wa mzizi, unakiweka kipete kwenye urefu huo, na kikigusa ncha ya juu ya jino unajua chini umefika. Kujua urefu ndiyo kazi yenyewe. Ukiishia njiani, unawaacha wadudu chini wakiwa wamekaa kama wapangaji wasiolipa. Ukipitiliza, unachoma mfupa na kuusukumia uchafu nje. Mwisho wa mzizi hauonekani kwa macho. Lazima upimwe.

Daktari alitia faili ndogo kwenye mfereji wa mbele, upande wa shavu, akaiunganisha na mashine ya kupimia. Waya mmoja ulishika faili, mwingine ulikuwa na ndoano iliyoning'inia kwenye pembe ya mdomo. Umeme mdogo, usiosikika, hupita kati ya hivyo viwili, na mashine hulia faili inapokaribia mwisho wa mzizi. Aliisukuma taratibu. Mashine ikalia.

Akasoma: milimita kumi na sita.

Kwenye picha alikuwa amekadiria ishirini, au karibu yake. Alirudia. Kumi na sita tena, na mlio ule ule wa uhakika.

Mama mkwe alikuwa amelala kwa muda mrefu, vidole vyake vilikuwa vimeanza kucheza juu ya mkono wa kiti. Kumi na sita ingekuwa rahisi. Mashine imesema, nani wa kubisha? Angesafisha haraka, angefunga, mama angeenda nyumbani. Lakini mashahidi wawili walikuwa wamesema mambo mawili, na kumwamini yule anayekurahisishia kazi si ushahidi.

"Picha," alimwambia Shangazi.

Walipiga picha faili ikiwa ndani, wakilegeza pembe moja tu ya mpira ili kupitisha kile kidude cha picha. Fremu ya plastiki haikuizuia. Skrini ikaonyesha: faili ilikuwa imesimama katikati ya mzizi, mbali na mwisho, kama mtu aliyeshuka kituo kimoja kabla ya kwake.

Akainama tena na taa. Hapo ndipo alipoona. Shina la faili lilikuwa linagusa ule ukuta wa zamani wa madini ya fedha. Umeme ulikuwa umepata njia ya mkato: badala ya kushuka hadi chini ya mzizi, uliponyokea kwenye madini ukaenda zake. Mashine haikuwa na kosa. Iliulizwa vibaya.

"Mama, kuna ukuta wa zamani humu ndani. Nilitaka kuubakiza maana unasaidia kushikilia. Nautoa. Nilipaswa kuutoa mwanzo."

Aliutoa wote. Akakausha chumba cha jino kwa pamba, akaacha unyevu ndani ya mifereji tu. Akachukua faili mpya kutoka kwenye sponji, na hapo ndipo ilipomponyoka.

Lilikuwa jambo la nusu ya pumzi. Vidole vya glavu vilikuwa na maji, faili ikageuka, ikaanguka. Ikagonga mpira, tap, ikalala juu yake, ncha ikielekea nyuma ya mdomo, juu kabisa ya mahali ambapo chini yake lilikuwa koo limefunguka.

Daktari na Shangazi walitazamana juu ya barakoa zao. Shangazi aliiokota kwa kibanio, akaitupa kwenye chombo cha vyenye ncha kali, akampa nyingine. Uso wake haukusema kitu. Chini ya mpira, mama mkwe alikuwa ameacha kuchezesha vidole.

Mashine ililia safari hii kwa ishirini. Mfereji wa pili ishirini na nusu, wa nyuma ishirini na moja. Picha ya pili ikakubali: ncha za faili zote tatu zilisimama kabla kidogo tu ya mwisho wa mizizi, pale zinapotakiwa. Akaviandika vipimo kwenye kadi, na kando ya kila kimoja akaandika ncha ya jino alikopimia. Alisafisha, akaosha kwa ile dawa iliyo ndugu wa sabuni ya mashuka, nayo ikajaa, ikanyonywa, ikajaa, bila tone kupita chini. Akatia dawa nyeupe, akafunga kwa kizibo cha muda, akauvua mpira.

Mama mkwe aliketi. Alijipangusa kidevu, akagusa mdomo wake uliokufa ganzi, akavaa miwani.

"Kilichogonga," alisema, na maneno yalitoka yamepinda, "kilikuwa nini?"

Mkewe alikuwa tayari amesimama. "Maji tu, mama. Au siyo?"

Daktari alikuwa anavua glavu. Alimaliza ya pili kabla ya kujibu.

"Ilikuwa faili. Iliniponyoka mkononi."

"Ikaanguka wapi?"

"Juu ya mpira. Juu ya koo lako."

"Na kama mpira usingekuwepo?"

"Ungeweza kuimeza. Au kuivuta kwenye pafu. Hilo la pili ni baya zaidi."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyozoea kufanya shahidi anapomaliza kujieleza na zamu ni yake. Lakini zamu hiyo aliiacha ipite. Alisikiliza maagizo: asitafune upande huo, kizibo ni cha muda, jino lina kuta nyembamba. Akashuka ngazi.

Usiku mkewe alimwambia daktari alichofikiri. "Mtu ametoka kwenye kiti ameshinda hofu yake, wewe unamwambia alikaribia kufa?"

"Hakukaribia."

"Ungesema maji."

"Aliuliza."

"Watu huuliza ili wajibiwe vizuri!"

"Yule si mmoja wao," daktari alisema, na akazima taa upande wake.

*

Wiki iliyofuata mama mkwe alikuja peke yake. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Shangazi alimwuliza kama kuna maumivu yoyote, akajibu hakuna, tena kwa sauti ya kiapo. Alilala mwenyewe, akafungua mdomo mwenyewe, na mpira ulipoletwa aliunyooshea kidevu kama mtu anayevalishwa skafu.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa fupi kwenye karatasi: kufungua, kuosha mara ya mwisho, kuhakikisha urefu, kujaza. Daktari alichukua faili, akasoma kadi, akaweka kipete kwenye ishirini kwa mfereji wa mbele upande wa shavu. Wapo ambao wangeingiza moja kwa moja. Kipimo kipo, kimeandikwa, kimethibitishwa kwa picha. Yeye aliiunganisha na mashine hata hivyo, kwa mazoea tu, na akaanza kuteremsha.

Mashine ikalia kabla kipete hakijagusa jino. Akasukuma kidogo sana. Ikapiga ule mlio wa haraka wa kuonya kwamba umepita.

Akasimama. Madini hayakuwepo tena. Chumba kilikuwa kikavu. Ndoano ilikuwa mahali pake, haikugusa kibano. Alitoa faili, akapima upya, polepole. Kumi na nane na nusu.

Mzizi haufupiki kwa wiki moja. Kwa hiyo alichoacha kuamini hakikuwa mashine wala kadi, bali jino. Alilitazama juu badala ya chini. Ile ncha ya mbele, upande wa shavu, aliyoiegemea siku ile, haikuwepo. Palikuwa na ukingo ulionyooka, mpya, unaong'aa kama sahani iliyomeguka. Kizibo cha muda kilikuwa kimetandazwa juu yake, ndiyo maana hakuona mapema. Kipete kingeshuka hadi kwenye ukingo huo mfupi, na ncha ya faili ingetokeza nje ya mzizi kwa milimita moja na nusu, ndani ya mfupa uliokuwa ndiyo kwanza unaanza kupona. Na dawa ya kuoshea ingefuata njia ile ile.

"Mama," alisema. "Jino limevunjika pembeni. Unajua?"

Mtu aliyefungwa mpira hajibu.

"Kama unajua, inua kidole."

Mikono ya mama mkwe ilibaki imelala tumboni, mmoja juu ya mwenzake, kwa utulivu wa mtu anayetafakari haki zake. Shangazi alikohoa. Taa ilivuma. Kisha kidole kimoja cha mkono wa kulia, si cha shahada bali kile kidogo cha mwisho, kikainuka.

"Ulitafuna kitu kigumu?"

Kidole kikabaki juu.

"Upande huu?"

Kikashuka, kikapanda tena.

Daktari hakucheka. Alihisi kitu kinampanda kifuani ambacho kingeweza kuwa kicheko, akakimeza. Aliisawazisha ile ncha iliyobaki ili isivunjike zaidi, jambo ambalo, alijikumbusha, alipaswa kulifanya siku ya kwanza kabla ya kupima. Kisha akaanza upya, mfereji kwa mfereji, kutoka ukingo mpya. Akaifuta namba ya zamani kwa mstari mmoja, akaandika mpya pembeni. Akapiga picha. Zote zilikuwa mahali pake. Akajaza mizizi kwa vijiti vya ule utomvu mgumu wa rangi ya waridi, na picha ya mwisho ilionyesha mistari mitatu myeupe inayoshuka hadi chini na kukoma pale pale inapotakiwa kukoma.

Mpira ulipotoka, mama mkwe hakuondoka kitini.

"Ulikuwa mfupa wa mbuzi," alisema. "Tulikuwa na sherehe ya kumuaga hakimu anayestaafu. Kila mtu alikuwa anakula."

"Shangazi alikuuliza."

"Aliniuliza kama kuna maumivu. Maumivu hayakuwepo. Shahidi hujibu alichoulizwa."

"Na aliyeapa kusema kweli yote?"

Mama mkwe alimgeukia Shangazi, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi kwenye sinki. Alitazama mikono yake.

"Niliogopa," alisema hatimaye. "Uliniambia nisitafune. Nikaona nikikuambia, utaniona mtoto. Siku ile wewe ulinieleza la kwako bila hata kupepesa. Nilirudi nyumbani sikulala, si kwa hofu. Nilikuwa nahesabu watu ambao wangenijibu hivyo." Aliinuka, akatafuta viatu kwa miguu. "Si wengi."

Daktari alirudi kwenye alichokijua.

"Nami nilipaswa kuipunguza ile ncha mapema. Isingevunjika."

"Basi tumepata hatia wote wawili."

"Wote wawili, mama."

"Vizuri. Maana sikutaka kuwa peke yangu."

*

Wiki tatu baadaye jino lilivalishwa kofia ngumu ya kulikinga. Mama mkwe alirudi mahakamani na mdomo wake wote, na mawakili waliokuwa wamefurahia mapumziko wakayakosa. Baina yake na mkwewe mambo hayakubadilika sana kwa macho ya wageni. Aliendelea kumkosoa anavyoegesha gari, na jinsi anavyowaacha watoto kula bila kunawa. Tofauti, kama ilikuwepo, ni kwamba sasa alimkosoa yeye mwenyewe, uso kwa uso, badala ya kupitia kwa bintiye, naye daktari alijibu. Mara nyingine jibu lilikuwa refu. Mkewe, aliyezoea kuwa daraja, alijikuta amekaa kando ya mto bila kazi, na hakujua kama afurahi au alalamike.

Miezi sita ilipopita daktari alimwita kwa picha ya uchunguzi. Mama mkwe alivua hereni, akauma kile kidude, akasubiri. Picha ikaja kwenye skrini. Alivaa miwani, akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Nisomee. Usiniongezee."

Daktari alionyesha kwa ncha ya kalamu. "Mizizi imejaa hadi mwisho. Hakuna kilichopita nje. Kivuli hiki cha mfupa bado kipo."

"Bado kipo."

"Kimepungua. Kilikuwa kama dengu, sasa ni kama mbegu ya nyanya. Mfupa unarudi. Unaweza kuchukua mwaka mzima, pengine zaidi. Siwezi kukuambia kimekwisha."

"Sijakuambia uniambie kimekwisha," mama mkwe alisema. Alitazama ile mbegu nyeusi kwa muda, kichwa ameinamisha, kama alivyowatazama mashahidi wasio na haraka. "Kimepungua. Sawa. Nimeelewa."

Alivaa hereni zake, akamwuliza Shangazi hali ya mjukuu wake aliyekuwa anaumwa masikio, akauliza pia ni kwa nini viti vya ukumbini vimefungwa pamoja kama wafungwa. Kisha akatoka. Daktari alimsikia akiteremka ngazi, akisalimiana na mwenye duka la chini kwa sauti iliyofika hadi juu, na akaosha mikono, akamwita mgonjwa aliyefuata.